Wamelingana alama, karatasi imewapa nafasi ya tatu na ya nne

BARUA

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni mwalimu wa darasa, Darasa la Sita, katika shule ya msingi mkoani Singida. Huu ni mwaka wangu wa kwanza kazini. Nina wanafunzi 46. Mitihani ya muhula imekwisha, mwalimu wa taaluma ameingiza alama kwenye kompyuta na amenikabidhi karatasi ya matokeo ili nijaze ripoti za wazazi. Siku ya kufunga shule, watatu wa kwanza watapewa zawadi mbele ya wazazi wote.

Shida yangu ni nafasi ya tatu. Wanafunzi wawili wana jumla ya 247, lakini mmoja ameandikwa wa tatu na mwenzake wa nne. Wa tatu ni mtoto wa mwalimu mwenzetu. Wa nne ni mtoto wa mama anayeuza vitumbua nje ya geti la shule. Minong'ono imeshaanza ofisini kwamba mtoto wa mwalimu amebebwa. Nilimuuliza mwalimu wa taaluma, akanijibu, "Kompyuta ndiyo iliyopanga, wewe jaza ripoti." Ni mtu mzima, ananizidi umri na uzoefu, na sitaki kuonekana mjuaji. Lakini ripoti zitakuwa na sahihi yangu.

Nakuandikia mistari sita ya juu kama ilivyo, bila majina. Kila somo lina alama 50, kwa mpangilio huu: Kiswahili, Kiingereza, Hisabati, Sayansi, Maarifa ya Jamii, Uraia na Maadili. B alilazwa hospitali akakosa mitihani miwili ya mwisho.

A: 45, 44, 42, 43, 43, 42. Jumla 259, wastani 43, nafasi 1.
B: 43, 41, 40, 44, –, –. Jumla 168, wastani 42, nafasi 2.
C: 44, 40, 38, 42, 41, 42. Jumla 247, wastani 41, nafasi 3.
D: 41, 39, 45, 43, 40, 39. Jumla 247, wastani 41, nafasi 4.
E: 43, 42, 39, 41, 42, 41. Jumla 248, wastani 41, nafasi 5.
F: 42, 41, 40, 47, 42, 40. Jumla 205, wastani 41, nafasi 6.

Nikae kimya? Niende kwa mwalimu mkuu? Au niwaandike C na D wote wa tatu, yaishe?

*Mwalimu wa darasa, Singida*

JIBU

Marahaba, mwanangu. Kabla hatujafika kwa C na D, chukua kalamu ujumlishe mstari wa F kwa mkono. Arobaini na mbili na arobaini na moja ni 83, ongeza 40 ni 123, ongeza 47 ni 170, ongeza 42 ni 212, ongeza 40 ni 252. Karatasi inasema 205. Tofauti ni 47, na 47 ndiyo alama yake ya Sayansi. Kwa hiyo mtoto aliyeandikwa wa sita, kama alama zake sita ulizonakili ni za kweli, ana jumla inayozidi ya C, ya D na ya E.

Jambo hilo si la ajabu. Kwenye Excel namba inaweza kuonekana namba machoni petu, ila kompyuta ikaichukulia kuwa maandishi tu. Hutokea mtu akinakili alama kutoka kwenye ujumbe wa simu, au seli ikiwa tayari imewekwa kuwa ya maandishi. Fomula ya kujumlisha ikifika hapo huiruka, wala hailalamiki. Wastani nao huiruka vilevile: 205 kugawa kwa masomo matano ni 41 kamili, ndiyo maana wastani wa F unaonekana mzuri wakati jumla yake ni ndogo. Kwa kawaida namba hukaa upande wa kulia wa seli na maandishi upande wa kushoto, lakini karatasi nyingi za matokeo hupangwa katikati ili zipendeze, na dalili hiyo inapotea.

Kuna njia nyepesi ya kuugundua ugonjwa huu hata ukiwa na karatasi iliyochapishwa tu. Gawa jumla ya mwanafunzi kwa wastani wake. Aliyefanya masomo sita lazima upate kama sita hivi. A: 259 kwa 43, unapata sita na kidogo. F: 205 kwa 41, unapata tano, wakati kwenye mstari wake hakuna pengo. B unapata nne, na kwake tunajua sababu. Pitia wanafunzi wote 46 namna hiyo. Ni kazi ya kikombe kimoja cha chai.

Ukiruhusiwa kulifungua faili lenyewe, kazi ni fupi zaidi. Tuseme masomo yapo safu ya C hadi H na wanafunzi wameanzia mstari wa 5 hadi wa 50. Kwenye safu tupu pembeni andika fomula hii mbele ya mwanafunzi wa kwanza, kisha ivute hadi chini:

```
=COUNT(C5:H5)
```

Inahesabu namba halisi tu. Kila aliyefanya mitihani yote atapata 6, B atapata 4, na F, kama dhana yangu ni sahihi, atapata 5. Ukihesabu eneo zima kwa mara moja unatarajia 46 mara 6, yaani 276, ukitoa mitihani miwili ya B zinabaki 274. Ikitoka 273, kuna alama moja ambayo ni maandishi. Na usidanganywe na ile hakiki tuliyofundishwa zamani ya kujumlisha chini na pembeni kuona kama zinakutana. Ni hakiki nzuri sana ya kukamata somo lililosahaulika kwenye fomula, lakini hapa haikusaidii, kwa sababu jumla ya chini na jumla ya pembeni zote mbili zinairuka 47 ya F. Zitakutana vizuri kabisa, na zote zitakuwa na upungufu.

Kurekebisha, badilisha aina ya seli iwe ya namba, kisha ifute alama na uiandike upya. Kubadilisha aina peke yake hakutoshi. Lakini kabla ya kuandika, iombe karatasi ya mwalimu wa Sayansi uone kama kweli ni 47. Mimi nimeikuta 47 kwenye barua yako, nawe umeikuta kwenye karatasi ya taaluma. Aliyesahihisha mtihani ndiye anayejua.

Sasa tuje kwa E. Ana 248, na juu yake wamekaa wawili wenye 247. Hilo halihitaji hesabu kulielewa, linahitaji kujua nafasi zilipangwa kwa kutumia nini. Zilipangwa kwa wastani, na wastani ulikuwa umeshakatwa hadi namba nzima iliyo karibu zaidi. Kwa masomo sita, kila mwenye jumla kuanzia 243 hadi 248 anapewa wastani wa 41. Watoto wanaotofautiana hadi alama tano wanawekwa kapu moja. Kama wastani ungeachwa na desimali moja, C na D wangekuwa na 41.2 na E 41.3, na hapo tofauti ingeonekana, kwa kuwa alama moja ya jumla inabadilisha wastani kwa karibu 0.17. Kwa aliyefanya masomo yote, ni salama zaidi kupanga kwa jumla na kuuacha wastani uwe wa kumweleza mzazi tu.

Kutumia wastani kuna madhara mengine ambayo ningependa uyaangalie, maana yanaweza kugusa madaraja. Kwa kipimo kinachotumika shule nyingi za msingi, daraja A kwa somo linaanzia 41 na A kwa jumla linaanzia 241. Mwanafunzi mwenye jumla ya 241 ana wastani wa 40.2. Ukimpa daraja kwa jumla ni A, ukimpa kwa wastani kwa kutumia kipimo cha somo ni B. Kwa wastani uliokatwa wa karatasi yenu, kila mwenye jumla ya 241 au 242 anaangukia kwenye ufa huo. Kama karatasi yenu ina safu ya daraja, watafute hao kwanza.

Nirudi kwenye minong'ono. Umeniandikia kama mtu anayehofu kwamba mtoto wa mwalimu ameinuliwa makusudi. Sikulaumu, ukikaa ofisini na maneno yakazunguka, nawe unaanza kuyasikia kichwani. Ila tazama mistari ile tena. C, D, E na F wote wana wastani wa 41. Excel ikipanga watu waliolingana, inawaacha katika mfuatano waliokuwa nao kabla. Fungua daftari la mahudhurio uangalie: nina hakika kiasi kwamba C anatangulia D, D anatangulia E, na E anatangulia F. Baada ya kupanga, mtu akaandika 1, 2, 3 kuteremka hadi 46. Hivyo C alipata ya tatu kwa sababu jina lake liko juu ya mengine daftarini, na angekuwa mtoto wa yeyote. Kama mfuatano wa daftari hauko hivyo, basi una swali jingine, na nitakuwa tayari kulisikia. Lakini anza na daftari kabla ya kuanza na mtu.

Kwa hiyo swali lako la mwisho, kuwaandika C na D wote wa tatu yaishe, nadhani sasa unaona lilipo tatizo lake. Lingewatuliza wazazi wawili, na lingewanyima haki watoto wawili ambao hakuna aliyewatetea, kwa kuwa wao hawakuonekana wamelingana na mtu. Alama zikithibitishwa, A ana 259, F ana 252, E ana 248, C na D wana 247. Wanaofungana wanagombea nafasi ya nne, si ya tatu.

Anayebaki ni B, na hapo ndipo palipo na uamuzi mgumu katika barua yako yote, ingawa wewe umemtaja kwa sentensi moja tu. Wastani wake kwa masomo manne ni 42. Wastani wa F kwa masomo sita, 252 kugawa kwa sita, nao ni 42. Ukimhesabu B kwa wastani wake, yeye na F wanashika nafasi ya pili pamoja, E anakuwa wa nne na kukosa zawadi, na C na D wanakuwa wa tano. Ukimhesabu kwa jumla ya 168, anaporomoka mbali kana kwamba alipata sifuri mbili, na sifuri ni alama ya mtu aliyekaa kwenye chumba cha mtihani. Ukimwacha bila nafasi, F ni wa pili na E ni wa tatu.

Kila njia ina mwenye kuumia. Kumhesabu kwa wastani kunasikika kuna huruma, lakini kunamlinganisha mtoto aliyepimwa kwa masomo manne na wenzake waliopimwa kwa sita, na hatujui Maarifa ya Jamii na Uraia zingempandisha au zingemshusha. Hata kwa E, ukiangalia masomo manne ya kwanza tu, ana 165, karibu sana na 168 za B. Kumwacha bila nafasi ni safi kwa hesabu, lakini mtoto ametoka hospitali, anapokea ripoti yenye kistari mahali pa nafasi wakati wenzake wote wana namba. Kuna shule zinazompa mtihani wa kufidia. Ni jambo jema kwa maendeleo yake, ila mtihani ule ule umeshazunguka kijiji kizima, na ukitungwa mwingine hauwi kipimo kilekile, hivyo wengi huutumia kujaza alama bila kuutumia kupanga nafasi.

Mimi huegemea kumwacha bila nafasi na kumwandikia maelezo kwa maneno: amefanya masomo manne kati ya sita kwa sababu ya ugonjwa, wastani wake kwa masomo aliyofanya ni 42. Mzazi anaelewa, na mtoto anaona kwamba kazi yake imeonekana. Hata hivyo huo si uamuzi wako peke yako wala wangu. Uliza kama shule iliwahi kuwa na utaratibu, hata wa mdomo, kwa mwanafunzi aliyekosa mtihani. Kama mwaka jana kuna aliyeugua, walimfanyaje? Jibu hilo lina uzito kuliko maoni yangu, maana lilikuwepo kabla ya kujulikana nani atafaidika.

Mkiamua asipangwe, kuna jambo dogo la kiufundi la kuangalia. Usiiache 168 yake kwenye safu ya jumla inayotumika kupanga. Ikibaki pale, kila aliye chini ya 168 atasukumwa nafasi moja chini na mtu ambaye hayumo kwenye mashindano. Iandike kwenye maelezo, seli ya jumla iwe tupu, kisha nafasi zitafutwe kwa fomula badala ya kuandikwa kwa mkono:

```
=RANK(I5,$I$5:$I$50,0)
```

Hapo nimechukulia jumla ziko safu ya I. Alama za dola ndizo zinazolishikilia eneo lisitembee. Zikisahaulika, fomula inapovutwa chini, kila mwanafunzi analinganishwa na walio chini yake tu, na utaona maajabu: ukiwa umepanga kuanzia wa juu, kila mmoja anakuwa wa kwanza, hadi wa mwisho. Karatasi ambayo haijapangwa hudanganya kwa upole zaidi. Nafasi zinaonekana za kawaida juu, kisha zinakuwa ndogo mno kadiri unavyoshuka, na mstari wa chini kabisa daima ni wa 1. Mbele ya B fomula itatoa kosa kwa sababu seli ni tupu. Ifute tu.

Fomula hiyo itawapa C na D wote nafasi ya 4 na atakayefuata atakuwa wa 6. Tarajia mtu aulize wa tano yuko wapi. Hayupo, kwa sababu watu watano wameshatangulia. Ukimwandika anayefuata wa 5, utakuwa unamwambia mzazi wake kwamba ni wanne tu waliomzidi mtoto wake, na si kweli. Wapo wanaopenda mtindo huo wa kutoruka, lakini mwisho wa orodha unafichuka: mwanafunzi wa 45 anaandikwa wa 39 kati ya 45, na mzazi anabaki akijiuliza sita waliobaki ni akina nani.

Utapata pia atakayekushauri uwatenganishe kwa somo moja. Kabla ya kukubali, angalia alama zao. Ukichagua Hisabati, D ana 45 na C ana 38, D anashinda kwa mbali. Ukichagua Kiswahili, C ana 44 na D ana 41, C anashinda. Anayechagua somo leo, akiwa ameshaziona alama, amechagua mtoto. Kama shule ilikuwa na kanuni hiyo kwa maandishi tangu mwanzo wa muhula, ifuateni. Kama haikuwepo, sioni ubaya wowote wa watoto wawili kushika nafasi ya nne pamoja.

Baada ya marekebisho, jumlisha safu yote ya nafasi. Wanafunzi 45 wasiofungana hata mmoja huleta 1035. Kila jozi iliyofungana inapunguza 1, na watatu waliofungana pamoja wanapunguza 3. Ukiona 1034 na unajua ni C na D tu waliofungana, nafasi zimekaa sawa. Ikitoka 1035 kamili wakati unajua wapo waliofungana, kuna mtu ameandika namba kwa mkono.

Sasa, nani umwendee. Ukikaa kimya, ripoti zitatoka, na F atapokea karatasi yenye alama sita ambazo kaka yake wa sekondari anaweza kuzijumlisha mezani jioni hiyohiyo. Atakayeulizwa ni mwenye sahihi. Ukienda moja kwa moja kwa mwalimu mkuu, utasikilizwa pengine, ila mwalimu wa taaluma atajua kwamba umempita, na mna miaka ya kufanya kazi pamoja. Zaidi ya hapo, ukifika kwa mkuu na habari ya C na D, itageuka kuwa kesi ya upendeleo, na mwenzako mwenye mtoto ataingizwa kwenye jambo ambalo huenda hakulijua.

Ningekuwa wewe ningejiuliza swali lako kwa mwalimu wa taaluma lilikuwa lipi. Ulimuuliza kwa nini mmoja ni wa tatu na mwingine wa nne. Kwa mtu aliyeingiza alama za shule nzima usiku wa manane, hilo linasikika kama lawama, naye alijibu kama mtu aliyelaumiwa. Huenda ukimwendea na mstari wa F mambo yakawa tofauti. Mkute peke yake, si ofisini mbele za watu. Mwambie, "Shikamoo Mwalimu, nilikuwa najaza ripoti, nikakwama kwa huyu. Nimejumlisha napata 252, karatasi inaniambia 205. Naomba tuangalie pamoja." Mpe kalkuleta ajumlishe mwenyewe. Hakuna mtoto wa mwalimu kwenye mstari huo, hakuna mama wa vitumbua, kuna alama sita na jumla moja. Akishaona 47 imerukwa, yeye mwenyewe atataka kuziona nyingine, na hapo ndipo unapotaja wastani na E. Swali la B liwekeni mezani mkiwa wawili, kisha mlipeleke kwa mkuu pamoja, kwa sababu hilo kweli linamhitaji mkuu.

Inawezekana pia akakataa kuangalia. Hapo una haki ya kusema kwa heshima kwamba huwezi kutia sahihi kwenye ripoti ya F hadi jumla yake irekebishwe, na kwamba utamwomba mkuu mwongozo. Ukimweleza hivyo kabla ya kwenda, hutakuwa umemzunguka. Sikuahidi kwamba atafurahi.

Fanyeni haya kabla ripoti hata moja haijatoka, na mkichapisha karatasi mpya, ile ya zamani iondoeni ubaoni na mezani kwa walimu, maana karatasi mbili zenye tofauti ndizo zitakazozaa minong'ono mipya. Mwenzako mwenye mtoto anastahili kusikia mapema kutoka kwa mwalimu wa taaluma kwamba C amekuwa wa nne, asikutane na habari hiyo uwanjani siku ya kufunga. Mama wa D naye, akikuuliza getini, unaweza kumwonyesha alama za mwanawe zote sita na kumwambia kwamba amelingana na mwenzake na wote wameandikwa nafasi moja.

Na muulize mwalimu wa taaluma kama faili la Darasa la Tano na la Saba alilitengeneza kwa kunakili lile lile la kwako. Kama ndivyo, wastani uliokatwa upo huko pia, na fomula ya kuhesabu alama halisi inafaa ipite kila darasa kabla ya siku ya zawadi.